Mama anapaliwa na maji baada ya kiharusi: uzito wa kinywaji na suala la mpira wa kulishia

*Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 64, amepata kiharusi, leo siku ya 11. Tumerudi naye nyumbani juzi. Ugali laini anakula, uji anakunywa, ila maji na chai vinampalia. Hospitali walituambia tumpe vitu vizito, tunakoroga unga wa mahindi kwenye maji lakini mara mzito mara mwepesi, naye hataki. Kwa siku anamaliza uji vikombe viwili, mtori kikombe, na hayo maji ya unga nusu kikombe. Alikuwa na kilo 62. Wifi yangu anataka awekewe mpira wa puani, wajomba wanasema mtu akishawekewa mpira harudi. Tushike lipi?*

Marahaba mwanangu. Kwanza acheni hayo maji ya unga kuanzia leo. Unga mbichi hauyafanyi maji baridi kuwa mazito. Ukikoroga unadhani umefanikiwa, ila ukiweka kikombe mezani kwa dakika mbili unga wote unashuka chini na juu yanabaki maji matupu. Kwa hiyo mama anaanza na maji mepesi, yale yale yanayompalia, na kumalizia na tope la unga. Hata mimi ningekataa. Wanga unahitaji moto: chembe zake zikipata joto ndipo zinavimba, zinashika maji, na kinywaji kinakolea sawasawa kutoka juu hadi chini. Ndiyo maana uji unapita na haya maji yenu hayapiti, ingawa unga ni ule ule.

Watu wengi hushangaa kwamba maji, kitu laini kuliko vyote, ndiyo yanayomsumbua mgonjwa wa kiharusi huku ugali ukishuka. Mtu anapomeza, kongomeo hupanda juu, kifuniko chake hufunga njia ya hewa, pumzi husimama kwa muda usiozidi sekunde moja hivi, kisha chakula hupita nyuma kuingia kwenye umio. Kiharusi hakijaharibu koo lenyewe. Kimeharibu ujumbe unaotoka kwenye ubongo, hivyo mlango unachelewa kufungwa. Tonge la ugali linakwenda polepole na linausubiri mlango. Maji hayasubiri, yanatiririka na kufika kabla ya kifuniko kushuka, na kiasi fulani kinaingia upande wa mapafu. Tunavifanya vinywaji kuwa vizito kwa sababu hiyo tu: kuvipunguzia mwendo. Koo haliponi kwa uji mzito. Linapewa muda.

Sasa dalili. Mnaangalia kikohozi, na ni sawa, lakini kikohozi ni habari njema kwa upande mmoja: kinaonyesha kuwa koo la hewa bado lina hisia na linafukuza mgeni. Wapo wagonjwa ambao hisia hiyo imekufa. Kinywaji kinaingia mapafuni na mtu ametulia kabisa, hata kope hazichezi. Nilikuwa na mzee mmoja, mvuvi, ambaye familia yake ilinihakikishia kwamba anakunywa vizuri, hajawahi kukohoa. Kila baada ya siku tatu nne alipata homa jioni, akapewa dawa ya malaria, ikatulia, ikarudi. Nilimpa vijiko vitatu vya maji mbele ya mwanawe, kisha nikamwambia aseme jina lake. Sauti ilitoka na majimaji, kama mtu anayezungumza huku anasukutua. Tulipompiga eksirei, pafu la kulia chini lilikuwa limejaa nimonia. Malaria haikuwepo, kilichokuwepo ni chai ya asubuhi.

Kwa hiyo kila baada ya funda mbili tatu mwambieni mama aseme «aaa» kwa muda mrefu. Sauti ikiwa kavu kama kabla ya kula, endeleeni. Ikiwa na majimaji, mwambieni akohoe, ameze mate, aseme tena. Isipokauka, chakula kisimame hapo. Angalieni pia machozi au makamasi yanayotoka ghafla akiwa anakula, kuhema haraka baada ya kumeza, kumeza mara tatu nne kwa tonge moja, na chakula kinachobaki shavuni upande uliopooza. Hicho cha shavuni ni cha hila, kwa sababu mgonjwa hakisikii na kinaweza kuteleza kwenda kooni nusu saa baadaye mkiwa mmeshamlaza. Pitisheni macho, na kidole kilichofungwa kitambaa safi, baada ya kila mlo, ila muwe waangalifu asije akawauma.

Tena, kupaliwa na kukabwa si kitu kimoja. Anayepaliwa anakohoa, sauti inatoka, uso unawiva. Mwacheni akohoe, ainame mbele. Msimpe maji ya kushushia, na msimwambie «tazama juu» kama tulivyozoea, maana kichwa kikienda nyuma njia ya hewa inafunguka zaidi. Aliyekabwa hana sauti wala kikohozi, anashika koo, midomo inaanza kuwa ya bluu. Huyo mnamwinamisha mbele na kumpiga kwa sehemu ngumu ya kiganja kati ya mabega mara 5. Kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara 5, na mzunguke hivyo hivyo mkiita msaada. Akizimia, mlazeni chini muanze kumkandamiza kifua. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona.

Turudi kwenye uzito, maana «vitu vizito» ni agizo lisilo na kipimo, sawa na kuandikiwa dawa bila kuambiwa vidonge vingapi. Kipimo kipo na mnaweza kukifanya jikoni. Mfumo wa kimataifa unaoitwa IDDSI umepanga vinywaji kuanzia 0, ambayo ni maji, hadi 4, ambayo haimiminiki tena na huliwa kwa kijiko. Nunueni bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, ambalo kutoka alama ya 0 hadi ya 10 lina urefu wa milimita 61.5. Pimeni kwa rula, kwa kuwa mabomba mengine ni mafupi na mapana na yatawadanganya. Ondoeni fimbo ya kusukumia, zibeni ncha kwa kidole, jazeni kinywaji hadi 10, kisha achieni kidole na kuhesabu sekunde 10. Zibeni tena msome kilichobaki. Maji yatakuwa yameisha yote. Ikibaki kati ya mililita 1 na 4, hicho ni kiwango cha 1. Ikibaki 4 hadi 8 ni cha 2. Ikibaki zaidi ya 8 lakini kuna kidogo kilichodondoka, ni cha 3. Kisipodondoka chochote, mmefika 4.

Lililo zuri kwenu ni kwamba mama mwenyewe ameshawapa jibu. Upo uji anaokunywa bila kupaliwa. Kesho asubuhi chukueni uji huo huo, ukiwa na joto lile lile analonywea, muupime. Tuseme umebaki mililita 7: basi kiwango chake kwa sasa ni cha 2, na kila kinywaji kingine, chai, maziwa, juisi, kifanane na hapo. Mkiwapigia simu hospitali, waambieni namba hiyo na muwaulize kama ndiyo waliyokusudia. Mtaelewana kwa dakika moja. Sharti ni moja tu, kwamba sauti yake baada ya uji iwe kavu kwa kile kipimo cha «aaa». Kama ina majimaji, basi hata huo uji haujatosha na anahitaji kuonwa upya kabla hamjaongeza kitu.

Nimesisitiza joto kwa sababu uji wa moto ni mwepesi, ukipoa unaganda. Ukipima jikoni ukiwa wa moto na kumpa baada ya nusu saa, unampa kitu tofauti kabisa. Jambo la pili ni mate. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, kwa hiyo kijiko kilichotoka kinywani kikirudishwa bakulini, uji unayeyuka pole pole huku mnamlisha, na vijiko vya mwisho vinakuwa maji. Mimineni kidogo kidogo kwenye kikombe kingine, na kinachobaki humo kimwagwe. Unga maalumu wa dukani wa kukolezea vinywaji, ule wa zantani, hauharibiwi na mate na unakolea hata kwenye maji baridi. Ukipatikana na mfuko ukiruhusu, ndio bora. Usipopatikana, chemsheni maji au chai ya maziwa na kornflawa iliyokorogwa kwanza kwa maji baridi kidogo. Anzeni na kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe cha mililita 250, koroga hadi kichemke, chuja, acha kipoe, pima, kisha ongezeni au punguzeni. Mtindi wa kunywa na juisi nzito ya embe au parachichi nazo zinasaidia, zikichujwa nyuzi na kupimwa vile vile.

Mjihadhari na vitu vinavyojifanya vizito. Barafu na aiskrimu zikifika kinywani ni maji. Chungwa na tikiti likitafunwa linatoa maji mepesi pamoja na vipande. Ugali laini si tatizo, tatizo ni mchuzi mwepesi unaoumwagia, kwa sababu mchuzi unatangulia huku yeye bado anatafuna. Mchuzi nao ukolezwe.

Namna ya kulisha nitaipitia haraka. Akae wima kabisa, kitini ikiwezekana, miguu ikiwa imekanyaga chini, na mlishaji akae usawa wa macho yake, asisimame juu yake, maana atainua kichwa kukutazama. Kijiko cha chai, upande wenye nguvu wa mdomo, na kingine kisije hadi umeona koo limepanda na kushuka. Akisinzia, asilishwe. Baada ya kula abaki amekaa kwa nusu saa. Watu hupenda kuuliza kuhusu kushusha kidevu kifuani: kuna anayesaidiwa na kuna anayeharibiwa, kwa hiyo msijaribu bila mtu aliyemwona akimeza. Ila kupiga mswaki si jambo la kujadili. Asubuhi, usiku na baada ya mlo, meno, ulimi na meno bandia kama anayo. Kinacholeta nimonia si maji yenyewe hasa, ni vijidudu vya kinywani vinavyosafiri na hayo maji na mate. Kinywa kichafu ni hatari hata kwa mgonjwa asiyekula kitu.

Sasa niseme jambo ambalo huwa hatulisemi vya kutosha tunapowaruhusu wagonjwa. Vinywaji vizito vinapunguza kuingia mapafuni, lakini vina gharama. Watu huvichoka, havikati kiu, wanakunywa kidogo, na mwisho wanakaukiwa. Tena vikizidi uzito vinabaki vimeganda kooni baada ya kumeza. Kwa hiyo uzito ni kama dozi: kiwango kidogo kabisa kinachomfanya mama awe salama, basi. Na mkipika upya hivi nilivyoeleza bado akalilia maji, msimwone mkaidi. Baadhi ya wagonjwa huruhusiwa funda chache za maji matupu kati ya milo, mswaki ukiwa umeshapigwa na mgonjwa yuko macho. Hilo huamuliwa na mtaalamu wa kumeza baada ya kumpima, lakini liulizeni, maana usipouliza huenda asiyekujua asikutajie.

Tuhesabu anachokunywa, kwa kuwa suala la mpira liko hapa. Mtu mzima tunamkadiria mililita 30 kwa kila kilo kwa siku, isipokuwa kama daktari amempunguzia kwa sababu ya moyo au figo. Kilo 62 mara 30 ni mililita 1,860, vikombe saba na nusu vya mililita 250. Mama anapata vikombe vitatu na nusu, yaani 875, na hapo nimeuhesabu mtori wote kana kwamba ni maji. Ni chini ya nusu. Nishati nayo haitoshi: uji wa maji matupu haumjengi mtu. Utiwe maziwa, mafuta kidogo, na karanga iliyosagwa hadi ikawa laini kabisa.

Mpira haujadiliwi kwa sababu mgonjwa ameonekana kukohoa. Hujadiliwa anapokuwa hawezi kupata maji na chakula cha kutosha kwa usalama kupitia kinywa, au amelala mno hata hawezi kulishwa, au amepata nimonia na kila mlo ni hatari. Kwa asiyeweza kumeza, hospitali hupaswa kuanza kumlisha kwa mpira ndani ya wiki ya kwanza badala ya kusubiri. Kwa mama yenu, anayemeza baadhi ya vitu, mimi ningewapa siku tatu za vinywaji vilivyopikwa sawasawa, huku kila kikombe kikiandikwa kwenye daftari. Akipanda kuelekea vikombe sita, saba, mpira wa nini? Akibaki kwenye vinne, mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, au mlo mmoja ukichukua saa nzima na anachoka katikati, wifi yako atakuwa na hoja na mrudi hospitali. Zipo hali zisizosubiri hizo siku tatu: homa ya 38 au zaidi, pumzi zinazozidi 24 kwa dakika akiwa ametulia, usingizi usio wa kawaida, au kutokojoa tangu asubuhi hadi jioni. Hapo mnaondoka siku hiyo hiyo.

Mpira unaozungumzwa mwanzoni ni wa kupita puani hadi tumboni. Ni wa muda, na haukatwi mahali. Ule wa pili, unaopitishwa kwenye ukuta wa tumbo, hufikiriwa iwapo inaonekana kumeza hakutarudi kwa wiki kadhaa. Haraka ya kuuweka haina faida. Utafiti mkubwa uliopewa jina FOOD, uliochapishwa mwaka 2005, ulilinganisha mipira hiyo miwili kwa wagonjwa 321 wa kiharusi. Waliowekewa wa tumboni mapema walikuwa na matokeo mabaya zaidi, ya kufa au kubaki na ulemavu mkubwa, kwa takribani watu 8 zaidi katika kila 100. Sehemu nyingine ya utafiti huo, yenye wagonjwa 859, iliangalia kulisha mapema kwa mpira dhidi ya kungoja zaidi ya wiki. Waliolishwa mapema walielekea kufa wachache, ingawa tofauti haikuwa ya kuthibitika, na baadhi ya walionusurika kifo walibaki na ulemavu mkubwa. Nawaambieni hili waziwazi: mpira unaweza kumvusha mtu, hauurudishi ubongo.

Wajomba wameona kitu cha kweli wakakisoma vibaya. Wanaowekewa mpira ndio walioumia zaidi, kwa hiyo wengi wanaokufa watakuwa wamewahi kuwa nao. Lakini kumeza, kati ya yote yanayoharibiwa na kiharusi, ni mojawapo ya mambo yanayorudi mapema: wengi wanaopaliwa siku za kwanza wanameza vizuri ndani ya wiki mbili hadi nne. Nimeitoa mipira mingi kuliko ninavyokumbuka. Tunampima mgonjwa akiwa bado nao, anaanza na vijiko vichache vya uji, anaongeza, na siku anapotosheleza mahitaji yake kwa kinywa kwa siku mbili tatu mfululizo, unatoka.

Mkija kuuchukua, jueni mambo mawili. La kwanza, mpira hauzuii mate kuingia mapafuni, wala chakula kurudi juu kutoka tumboni. Mswaki unaendelea, kichwa kinainuliwa nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kulisha na nusu saa hadi saa moja baadaye, chakula kinashuka chenyewe kwa uzito wake bila kusukumwa. La pili, kabla ya kila mlo lazima mjue ncha iko tumboni. Kusukuma hewa na kusikiliza tumbo kwa stetoskopu hakutoshi. Sauti hiyo husikika hata mpira ukiwa pafuni, na watu wamekufa kwa kuiamini. Vuteni majimaji kidogo kwa bomba na kuyagusisha karatasi ya kupimia asidi: pH ya 5.5 au chini ni ya tumbo. Ikizidi, na hasa kama anatumia omeprazoli inayopunguza asidi, hamlishi hadi eksirei ithibitishe. Wekeni alama ya kalamu pale mpira unapoingia puani, alama ikihama, msilishe. Kama hospitali yenu haina karatasi hizo za kuwapa wala mtu wa kuwafundisha kabla ya kutoka, ni afadhali mama alale wodini hadi mpira utoke.

Limebaki moja ambalo hukuuliza. Wengi wa umri wake wana presha, na kidonge kinachompalia mgonjwa huishia kutwangwa kwenye uji. Kabla ya kutwanga chochote muulizeni mfamasia. Nifedipini ya kutolewa taratibu imetengenezwa itoke kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukiitwanga inaingia yote kwa mkupuo, presha inaporomoka, na kwa ubongo wenye kiharusi cha siku 11 hilo ni hatari. Mfamasia atakubadilishia dawa inayotwangika au ya maji, na hiyo ya maji nayo muipime uzito kwa bomba kabla ya kumpa.